Picha Iliyopigwa kutoka Juu

Bwana Omollo aliweka picha mbili juu ya kaunta, akazigeuza zinielekee. Moja ilikuwa ya mwaka uliopita. Mkewe, Mwalimu Lornah, amesimama mbele ya darasa lake na miwani ya mviringo, taya pana, mashavu yamejaa. Ya pili ilikuwa mpya. Niliitazama mara moja, nikaomba kimoyomoyo, kisha nikamwita Mutiso.

Mutiso ndiye aliyekuwa akipima macho katika duka letu. Lilikuwa duka dogo la miwani katikati ya mji, mlango wa kioo unaofungukia barabarani. Mimi nilipokea wateja, nikapangusa fremu, nikawasaidia watu kuzijaribu. Mwalimu Lornah tulimjua. Macho yake hayaoni mbali kabisa. Bila miwani, mtu akisimama upande wa pili wa meza anakuwa kivuli tu. Kadi yake tulikuwa nayo, na vipimo vyake havikuwa vya kubahatisha. Kilichokosekana ni fremu. Miwani yake ilivunjika Novemba, kwenye ajali ya Ngong Road, na taya yake ya kushoto ikavunjika siku hiyohiyo.

"Shule inafungua Jumatatu," Omollo alisema. "Mwalimu mkuu amepiga simu. Amesema asipofika Jumatatu darasa la kwanza litapewa mtu mwingine. Na yeye hatoki nyumbani. Hata kanisani hajaenda. Nimemwambia, basi nikupige picha niipeleke kwa Mutiso, akuchagulie fremu, wewe usisumbuke."

"Aliipiga nani hii?" Mutiso aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine? Hataki mtu."

Mutiso aliichukua ile mpya akaisogeza dirishani. Alikuwa na desturi yake. Wateja wenye macho mabaya namna ile hawawezi kujiona kwenye kioo wakijaribu fremu tupu, kwa hivyo yeye huwapiga picha ya mbele, akaikuza kwenye kompyuta mpaka umbali kati ya mboni mbili uwe uleule ulioandikwa kwenye kadi. Picha ikitoka kwenye printa inakuwa kubwa sawa na uso wenyewe. Kisha anaweka karatasi ya plastiki juu yake na kuchora kwa kalamu nyeusi ukingo wa uso tu: paji, mashavu, taya, kidevu. Anaiondoa ile picha, anabaki na mstari. Hapo ndipo anapotafuta fremu.

Safari hii hakuchora. Alisimama pale dirishani muda mrefu.

"Nini?" Omollo akauliza.

"Ulikuwa umesimama?"

"Ndiyo."

"Na yeye?"

"Amekaa kitandani. Si mgonjwa?"

Mutiso aliirudisha picha kwenye kaunta, akaweka kidole kwenye sikio la Mwalimu, kisha kwenye jicho. "Angalia masikio yalipo. Yako juu ya macho. Mtu akitazamwa sawasawa, ncha ya juu ya sikio inakaa karibu na usawa wa jicho. Hapa umempiga kutoka juu, tena karibu. Ukifanya hivyo paji linakuwa kubwa, kidevu kinapotea. Hii si taya iliyovunjika peke yake. Hii ni kamera yako."

"Lakini taya ilivunjika."

"Ilivunjika. Sikatai. Lakini kwa picha hii ningempa fremu nzito chini, pana, nikidhani uso wake wote umechongoka chini kama ule moyo wa kopa kwenye karata. Zije zimkalie mashavuni, zivute macho ya watu palepale asipotaka patazamwe."

Omollo aliivuta ile picha upande wake. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Yeye ameshaiona."

"Ameiona nini?"

"Hiyo picha, kwenye kamera. Aliishika hivi, karibu na pua, akaiangalia. Halafu akafunga leso akanirudishia kamera. Hajaongea na mimi tangu jana."

Ndipo nilipoelewa. Mtu wa macho yale hauoni uso wake wote kwenye kioo. Lazima akisogelee hadi pua iguse, na akifika pale anaona jicho, au shavu, kipande kimoja kwa wakati. Lakini picha anaweza kuishika karibu na kuiona yote, wazi kuliko sisi. Tangu hospitali, hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kujiona mzima, na alichoonyeshwa kilikuwa cha uongo.

Tulikuwa Jumatano. Mtu anayechukua kazi za kukatwa lenzi hupita kwetu Alhamisi mchana na kuzirudisha Jumamosi, na kazi isiyokuwa tayari akipita hairudi kabla ya wiki nyingine. Mutiso alitazama saa, akatoa kamera ya duka kwenye droo, akanikabidhi mimi.

"Mama Mwaura, nenda na Bwana Omollo. Kamera iwe usawa wa macho yake, si juu, si chini. Simama mbali, upande mwingine wa chumba, halafu uvute kwa kuzumu, uso usogee karibu kwenye kamera. Nywele nyuma, leso itoke. Asitabasamu, ukitabasamu mashavu yanapanda. Mdomo ufungwe bila kukaza."

"Na akikataa?"

"Wewe ni mama wa kanisa," alisema. "Mimi nikienda atajifungia chooni."

*

Nyumba yao Karen ilikuwa ndogo, nyuma ya uwanja mkubwa wa watu wengine, na miti mingi mpaka ndani kulikuwa na giza hata saa kumi ya alasiri. Mwalimu Lornah alikuwa jikoni akimenya viazi kwa kugusa. Leso yake ilikuwa imefungwa chini ya kidevu, imeshuka hadi nyusi. Alisikia viatu vyangu.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Mwaura wa dukani kwa Mutiso."

"Karibu," alisema, na hakugeuka. "Omollo, umemleta mgeni bila kuniambia. Maji ya chai yako motoni."

"Mwalimu, chai baadaye," nilisema. "Nimekuja kwa ile picha."

Kisu kikasimama.

"Picha nimeiona."

"Picha ile ni mbaya."

"Najua ni mbaya. Nimeiona, nimekwambia." Sauti yake ilikuwa ya mwalimu kweli, ya kufunga mjadala. "Na wale watoto ni wa miaka sita, Mama Mwaura. Wa miaka sita hawajui kuficha. Watauliza mbele ya wote, Mwalimu, uso wako ulienda wapi. Nitawajibu nini?"

Omollo alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Lornah, wacha mama akueleze."

"Wewe nenda nje."

Akaenda. Nilimsikia akitembea kwenye kokoto, akienda na kurudi.

Mimi nina umri ambao ningeweza kumwambia maneno matamu. Wakati mume wangu alipofariki watu walinipa maneno hayo kwa ndoo, na hakuna hata moja lililonisaidia kulala. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikafungua kitambaa changu cha kichwa. Tangu kanisa linipokee kama mjane, yaani tangu nivae kile kitambaa, hakuna mtu asiye wa nyumba yangu aliyeniona kichwa wazi. Nywele zangu zimekuwa chache, na za mvi.

"Shika," nilisema, nikampa kamera. "Simama. Unipige mimi kutoka juu, kama Bwana Omollo alivyokupiga. Njoo karibu."

"Sioni."

"Huhitaji kuona. Elekeza hapa inapotoka sauti, bonyeza hapa."

Nilidhani atakataa. Alipangusa mikono kwenye aproni, akasimama, akanipiga. Kisha nikamwambia akae, mimi nikae mkabala naye kwenye kiti cha pili, kamera aiweke usawa wa pua yake, avute nyuma kiti mpaka ukutani. Nikamwonyesha pale pa kuzumu. Akanipiga tena.

"Sasa ziangalie."

Aliileta kamera usoni hadi kile kioo chake kidogo kikakaribia kope. Alitazama ya kwanza, akabonyeza, akatazama ya pili. Akarudi ya kwanza.

"Mama Mwaura," alisema polepole, "hapa juu umefanana na kiazi."

"Kiazi kipi? Hicho umenimenyea?"

"Hata hakijamenywa. Paji lote, halafu kidevu hakuna." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika kwa sababu ya taya, akaishika kwa kiganja. "Na hapa una kidevu."

"Nilikuwa nacho hata kwa ile ya kwanza. Sijaondoka kwenda kukichukua."

Alikaa na ile kamera mkononi. Nje hatua za Omollo zilikuwa zimesimama. Nadhani alisikia mkewe akicheka na hakujua afanye nini.

"Kwa hiyo sura yangu si mbaya," alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa ananijaribu, kama wanavyojaribu watoto.

Hapo niliogopa zaidi ya wakati wote mwingine wa siku ile. Ningesema ndiyo, angevua leso palepale. Na angeona picha, na angejua nimedanganya, na asingemwamini mtu yeyote tena.

"Sijui," nikasema. "Sijakuona. Taya ilivunjika, na watu wamekata hapo na kushona. Ninachojua ni kwamba ile picha si wewe. Ya kweli hatujaipata bado. Ikiwa mbaya utajua ni mbaya yako, si ya mahali Omollo aliposimama."

Maji ya chai yakaanza kuimba. Mwalimu akazima jiko. Akafungua fundo chini ya kidevu, akaivuta leso nyuma, akabana nywele kwa pini mbili, na kugeuka kuelekea niliko.

Niliichukua kamera. Nilienda ukutani, nikapiga goti moja juu ya kiti cha chini ili kamera ifike usawa wa macho yake, nikavuta kwa kuzumu. "Mdomo, Mwalimu. Usikaze." Nikaegemeza kiwiko ukutani. Nilipiga tatu. Kisha nikampelekea kamera kabla sijaziangalia mimi mwenyewe.

Aliitazama ile ya katikati muda mrefu. Upande wa kulia ulikuwa ni ule wa zamani, taya imara kama ya mtu wa kwao. Upande wa kushoto mstari ulishuka vizuri hadi chini ya shavu, halafu ukaingia ndani, pakawa na bonde, kabla ya kufika kidevuni. Kidevu chenyewe kilikuwepo, kimeenda kidogo upande mmoja.

"Huu upande umeenda," alisema.

"Umeenda."

"Lakini ni mimi."

Hakuwa anaongea na mimi. Alifunga leso yake tena, lakini nyuma ya shingo.

*

Asubuhi ya Alhamisi Mutiso alichapisha ile picha kwa ukubwa wa uso, akaweka plastiki, akachora. Niliutazama mstari ukizaliwa. Paji na mashavu yalikuwa karibu upana mmoja, urefu wa uso ulizidi upana kiasi, na chini upande mmoja mpana, mwingine mwembamba. Haikuwa ile kopa ya picha ya Omollo. Mutiso aliweka juu yake fremu moja moja. Fremu pana za kushuka kwenye kona, kama za marubani, aliziondoa mara moja. Zilivuta jicho likafuata mteremko hadi kwenye lile bonde. Zile za mviringo kama za zamani alizishika muda.

Omollo aliingia akiwa ndio kwanza amepata mahali pa kuegesha gari mbele ya duka. Alikuwa na ile picha ya mwaka uliopita mkononi.

"Hizo hizo," alisema akionyesha za mviringo. "Hizo ndizo zake. Akizivaa atakuwa kama zamani."

"Zamani uso wake ulikuwa mraba," Mutiso akasema. "Paji, shavu, taya, upana mmoja, kona zimesimama. Mviringo ulikuwa unalainisha zile kona. Sasa kona moja haipo. Ukiweka duara mbili hapa juu, mtu atatafuta duara ya tatu chini, na hapo chini pamepinda. Tazama." Alisukuma mstari na fremu mbele yake.

Omollo hakutazama. Aliweka ile picha ya zamani juu ya mstari, akaufunika. "Mke wangu ni huyu."

"Bwana Omollo."

"Wewe ni fundi. Nakwambia fremu ninazotaka, unakata lenzi. Mtu wako wa lenzi anapita saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Basi andika."

Mutiso alinitazama. Kwa sheria ya duka, anayelipa ndiye anayesema. Mimi nikauliza, "Mwalimu yuko wapi?"

"Yuko kwa gari. Amesema anakuja mjini ila hashuki."

Nikachukua ule mstari, ile picha kubwa, na trei ndogo ya fremu tatu alizokuwa akizijaribu Mutiso, nikatoka nje kabla hawajanizuia. Gari lilikuwa hapo mbele, na kanjo, askari wa jiji, alikuwa ameshaanza kulizunguka akitafuta risiti ya maegesho kwenye kioo. Mwalimu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, leso imerudi chini ya kidevu, kichwa kimeinama ili watu wapitao wasimwone.

"Hii gari inaondoka ama inalala?" kanjo akaniuliza.

"Dakika moja, kijana. Kuna mgonjwa."

Nikaingia nyuma, nikafunga mlango. Nilimwekea mapajani ule mstari peke yake, bila picha. Aliuinua karibu na macho.

"Huyu ni nani?"

"Wewe."

Aliufuata kwa kidole, kutoka kwenye paji, akashuka kulia, akapita kidevuni, akapanda kushoto. Alipofika kwenye bonde kidole kikapunguza mwendo lakini hakikusimama. Mchoro haukuwa na kovu, wala uvimbe, wala rangi. Ulikuwa ukingo tu, kama wa mtu yeyote anayekuja dukani.

Nikamwekea za mviringo juu ya mstari, kwenye mahali pa macho. Akatazama, akatoa. Akaweka za pili, zilizo nzito chini. Akatikisa kichwa mwenyewe. Za tatu zilikuwa za pembe nne zilizolainishwa, ukingo wa juu umenyooka, chuma chembamba, hazipiti upana wa mashavu, tena ndogo, kwa sababu lenzi zake zikiwa kubwa zinanenepa pembeni na kuuvuta ukingo wa uso uonekane umeingia ndani nyuma ya kioo. Ule ukingo wa juu ulikaa kama mstari wa daftari, na chini yake uso ukatulia, na lile bonde likawa jambo moja kati ya mengine.

"Hizi," alisema.

Omollo alifungua mlango wa mbele, akaketi kwenye usukani, akapitisha ile picha ya zamani nyuma. "Lornah, tafadhali. Zile za kwanza."

Aliishika, akaileta puani. Niliona macho yake yakienda na kurudi.

"Alikuwa mzuri," alisema.

"Ni wewe."

"Omollo, huyu hatafundisha Jumatatu. Mimi ndiye nitakayefundisha." Akamrudishia picha, taratibu, ikiwa kifudifudi. "Wape hizi za tatu."

Kanjo aligonga kioo. Omollo alishusha dirisha akaanza kubishana naye kuhusu risiti, kwa ukali uliozidi jambo lenyewe, na sote tulijua hakuwa anabishana na yule kijana.

Nilirudi dukani na jibu. Mutiso alizipokea zile fremu, akazigeuza, akakunja uso. Mtu wa lenzi alikuwa ameshafika, ameegemea kaunta na boksi lake.

"Umbo limepatikana," Mutiso alisema. "Lakini picha imeniambia umbo tu. Pua yake ina kina gani, sikio moja limeshuka kiasi gani baada ya ile operesheni, lenzi itakaa juu ya mboni kwa urefu upi, hayo picha haisemi. Kwa lenzi zenye nguvu hivi nikikosea kidogo ataumwa kichwa siku nzima mbele ya watoto. Nataka azivae. Nataka niweke alama."

"Nenda kwa gari."

"Kwa gari ameinama, na kuna giza. Nataka akae kwa kiti, anitazame."

Duka lilikuwa na watu. Mama mmoja na mtoto wake, wanaume wawili wa ofisini wakisubiri kupimwa, na yule wa lenzi akitazama saa yake. Nilirudi kwenye gari nikamwambia Mwalimu vile alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

"Lazima leso itoke?" aliuliza.

"Mikono ya fremu inapita juu ya masikio."

Aligusa fundo la leso. Kanjo alikuwa amesimama kando ya kioo. Omollo alikuwa ameshika usukani. Niliomba, si kwa maneno.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Alitoa mguu mmoja, akatafuta ukingo wa barabara kwa kiatu, na nikampa mkono. Tulivuka ule upana wa njia ya miguu watu wakitupisha. Ndani, mtoto wa yule mama akainua kichwa. Mwalimu hakumwona, kwake mle mlikuwa na vivuli tu. Lakini alimsikia, kwa sababu mtoto aliuliza, kwa sauti ya watoto wote, "Mum, huyo amefanya nini hapa kwa shavu?" akijigusa shavu.

Mama yake alimkamata mkono. Mwalimu Lornah alisimama. Nilihisi vidole vyake vikikaza kwenye mkono wangu.

"Niligongwa na gari," alimwambia mtoto, akiigeukia ile sauti. "Taya ikavunjika, wakaishona. Wewe umewahi kuvunja nini?"

"Kikombe," mtoto akasema.

"Kikatengenezwa?"

"Kikatupwa."

"Mimi walinitengeneza."

Akaketi kwenye kiti. Akafungua fundo mwenyewe, akakunja leso mara nne akaiweka mapajani. Mutiso alivuta kiti chake mpaka macho yao yakawa usawa mmoja, akamvalisha zile fremu, akazisogeza kidogo kulia, akainua mkono mmoja wa fremu juu ya sikio. Akachukua kalamu yake ya kuweka alama.

"Mwalimu," alisema, "inua kichwa sawasawa. Nitazame mimi usoni."

Akainua, akamtazama.